Mtu Mwingine: Nani Amlipe Anayemtunza Mzee?

Sheria ya Uganda ya fidia kwa wafanyakazi, ya mwaka 2000, ina kifungu kifupi ambacho sikukitazamia. Inaanza kwa kusema kwamba mfanyakazi akiumia kazini asiweze kufanya kazi tena maishani, atalipwa fidia inayolingana na mapato yake ya miezi 60. Kisha inaongeza kwamba, kama majeraha yenyewe yamemfanya ahitaji msaada wa daima wa mtu mwingine, kiasi hicho kiongezwe robo. Tuchukue mjenzi anayepata shilingi 400,000 kwa mwezi. Akianguka kutoka ghorofani akavunjika uti wa mgongo, anastahili shilingi 24,000,000, na juu yake 6,000,000 nyingine kwa sababu ya huyo mtu mwingine: yule atakayemwinua, atakayemwosha, atakayemgeuza kitandani usiku.

Nilikisoma kifungu hicho mara tatu. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Jaja, alianguka mwaka 2020. Hakuanguka ghorofani, bali kwenye kizingiti cha jiko lake, akiwa amebeba sufuria. Alivunjika nyonga. Aliishi miaka minne baada ya hapo, na katika miaka hiyo yote hakusimama peke yake hata mara moja. Mahitaji yake yalikuwa yale yale ya mjenzi wetu: kuinuliwa, kuoshwa, kugeuzwa. Lakini hapakuwa na sheria, mfuko wala fao lolote lililomtambua mtu mwingine wa Jaja. Mtu huyo alikuwa shangazi yangu.

Swali la insha hii ni hili: je, kuna sababu ya haki ya kumlipia mtunzaji yule aliyevunjwa na kazi na kumnyima yule aliyevunjwa na umri? Na kama hakuna, nani anapaswa kulipa, na amlipe nani?

Nianze na kazi yenyewe, kwa maana wengi wetu tunaobishana juu yake hatujawahi kuifanya. Mimi mwenyewe niliifanya wiki mbili tu, wakati wa likizo, nikajua. Muuguzi wa kituo cha afya alituambia kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro itakufa na kuwa kidonda. Kati ya saa tatu za usiku na saa kumi na moja alfajiri hiyo ni kuamka mara nne. Vitabu husema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani vizuri. Shangazi alijifunza kupapasa kwa kiganja penye makalio, visigino na nyonga, akitafuta mahali palipo na joto kuliko pengine au palipokuwa pagumu. Alipapata mara mbili, na mara zote mbili akawahi. Asubuhi kulikuwa na kuosha, kubadilisha shuka, kufua shuka, kupika uji, dawa ya presha. Jaja aliweza kula kwa mkono wake na akili yake ilikuwa timamu hadi mwisho, jambo ambalo lilikuwa baraka na pia mzigo, kwa sababu aliona aibu kila mara alipooshwa na aliomba msamaha kila siku.

Lugha yetu hii ya Kiswahili ina maneno matatu kwa kazi hiyo: kulea, kutunza na kuuguza. Hakuna hata moja linalomfanya msikilizaji afikirie mshahara.

Kabla Jaja hajaanguka, shangazi alikuwa na kibanda cha nyanya na vitunguu kwenye kituo cha biashara, na alikuwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Alikuwa na miaka 51, mjane, watoto wake wamekua. Kaka zake wanne, baba yangu akiwa mmoja wao, walikutana kwa simu wakakubaliana kwamba wao watatuma pesa na yeye atakaa na mama. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini pia hakuna aliyemuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuwa hapana. Huku kwetu kuna methali isemayo kwamba sungura akizeeka hunyonya kwa watoto wake. Ni methali nzuri, na Jaja mwenyewe aliipenda. Ila haisemi ni mtoto yupi, na kila nilipoitazama familia iliyo katika hali kama yetu niliona kwamba jibu limekwisha kutolewa kimyakimya: binti, au mke wa mwana.

Sasa tuangalie vyanzo vya msaada ambavyo mtu angefikiria. Baba yangu aliajiriwa miaka mingi na alichangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao sote tunauita NSSF. Mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Alipofikisha miaka 55 alilipwa akiba yake yote kwa mkupuo, pamoja na riba. Ilikuwa mwaka 2015. Pesa hizo zilimalizia nyumba na kulipa karo, ikiwamo karo yangu, kwa hiyo siwezi kuandika juu yake kama mtu wa nje. Jaja alipoanguka miaka mitano baadaye, hakukuwa na kitu kilichobaki.

Mtu anaweza kusema baba alikosa nidhamu. Nadhani lawama hiyo inakosea mahali pa kugonga. NSSF, licha ya jina lake la hifadhi ya jamii, kwa ujenzi wake ni mfuko wa akiba. Kila mwanachama ana akaunti yake, na anachokipata ni kile alichokiweka pamoja na faida yake. Bima ni kitu kingine. Katika bima watu elfu moja huchangia wakijua kwamba janga litawafika wachache tu kati yao, na pesa za wale walionusurika humfuata aliyepatwa. Utegemezi wa uzeeni uko hivyo hasa. Kuna mzee anayelala usiku akiwa mzima na kukutwa asubuhi amefariki, na kuna anayelala miaka minne kitandani, na hakuna ajuaye mapema atakuwa yupi. Akaunti ya mtu mmoja haiwezi kujiandaa kwa jambo kama hilo: ama ataweka nyingi mno bure, ama ataweka kidogo mno. Na hata akiweka, pesa hutoka akiwa na miaka 55 wakati haja ya mtunzaji kwa kawaida huja miaka 20 au zaidi baadaye.

Chanzo cha pili ni posho ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi. Ilianza kama jaribio katika wilaya chache, na katika mwaka wa fedha 2020/21 ilianza kulipwa nchi nzima kwa wenye miaka 80 na kuendelea. Hii si bima. Inatoka kwenye hazina na kwa wafadhili, na mzee hahitaji kuwa amechangia chochote, jambo ambalo kwa mwanamke aliyelima maisha yake yote bila mwajiri ndilo la muhimu. Tatizo letu lilikuwa kitambulisho. Kitambulisho cha taifa cha Jaja kilisema amezaliwa 1942. Lakini Jaja alikuwa akitusimulia jinsi alivyokwenda kumpokea Kabaka Mutesa aliporudi kutoka uhamishoni, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Kabaka alirudi Oktoba 1955. Kwa kitambulisho hicho angekuwa na miaka 13. Aliyeandika tarehe hiyo alikisia, na Jaja, ambaye hakujua kusoma, aliweka dole gumba. Kwa hiyo alisubiri hadi 2022, akiwa pengine na miaka 85, ndipo akaanza kulipwa.

Posho ilipokuja tuliishukuru, nisije nikaeleweka vibaya. Ilinunua sabuni, sukari na dawa ya maumivu. Lakini pakiti moja ya nepi za watu wazima ilikaribia kuimaliza yote. Tulijaribu pia kumwajiri msichana wa kumsaidia shangazi, kwa shilingi 120,000 kwa mwezi na chakula. Alikaa miezi mitatu akaondoka. Alisema kazi ya mchana anaiweza, ya usiku hapana. Hata angebaki, posho ya Jaja ingelipa siku sita tu za kila mwezi wake. Kuna jambo jingine dogo ambalo lilinikaa moyoni. Kwa kuwa Jaja hakuweza kwenda kituo cha malipo, tulimwandikisha shangazi awe mpokeaji kwa niaba yake. Kwa hiyo jina la shangazi lilikuwamo kwenye daftari la serikali, kama mtu anayebeba pesa kutoka kituoni hadi nyumbani. Kile alichokifanya akishafika nyumbani hakikuwa na safu.

Sasa nirudi kwenye swali la haki. Mtetezi wa sheria ya fidia atasema tofauti iko wazi. Mjenzi aliumia akimtafutia faida mwajiri; mwajiri alifaidi jasho lake, basi na alipe hasara. Jaja hakuumizwa na mtu. Umri hauna mwajiri.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inathibitisha kidogo kuliko inavyodhani. Inaeleza kwa nini mwajiri ndiye alipe katika kesi ya kwanza. Haielezi kwa nini asilipe mtu yeyote katika kesi ya pili. Maradhi nayo hayana mwajiri, wala uzazi, wala kifo cha baba mwenye watoto wadogo, na bado dunia imekubali kwamba hayo yote ni mambo ya hifadhi ya jamii. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1952, namba 102, unaorodhesha matawi tisa: matibabu, ugonjwa, ukosefu wa kazi, uzee, ajali za kazini, familia, uzazi, ulemavu na kufiwa. Uzee umo, lakini kwa maana ya kukosa mapato tu. Haja ya kuwa na mtu wa kukuinua haimo kama tawi la kumi. Nadhani sababu si kwamba waliouandika walifanya hesabu ya haki wakaona haistahili. Walidhani kazi hiyo tayari ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe yuko nyumbani na halipwi.

Na hapa ndipo ninapoona kosa la hoja ya desturi, ile inayosema sisi Waafrika hatuhitaji bima kwa sababu tuna ukoo. Ukoo ni bima, nakubali. Lakini ni bima yenye wanachama wachache mno. Wazazi wenye watoto wanane wakisambaziwa mzigo watausikia kidogo. Mama mwenye binti mmoja, na binti huyo yuko kazini Kampala au Dubai, hana mfuko. Hata katika ukoo mkubwa kama wetu mzigo haukugawanywa. Pesa ziligawanywa kwa wanne, kazi ikabaki kwa mmoja.

Kuna nchi chache zilizoamua kuongeza tawi hilo. Ujerumani ndiyo inayofaa zaidi kwa swali letu, kwa sababu ndiyo iliyoanza mapema bima za namna hii. Bima ya ugonjwa ilianza huko mwaka 1883, ya ajali 1884, ya uzee 1889, ya ukosefu wa kazi 1927. Ya utunzaji ilikuja baadaye sana, Januari 1995, ikiitwa nguzo ya tano. Kila anayelipwa mshahara anakatwa, na mwajiri anachangia. Mwaka 2025 jumla yake ilikuwa asilimia 3.6 ya mshahara, na wasio na watoto hulipa zaidi kidogo. Nyongeza hiyo ya wasio na watoto ilitokana na uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo wa mwaka 2001: kwamba anayelea watoto tayari ameuchangia mfuko, kwa kuwa watoto hao ndio watakaoulipia kesho. Nilipolisoma hilo nilicheka kidogo. Wajerumani, kwa njia ya mahakama na asilimia, wamefika mlangoni kwa sungura wetu mzee.

Ili kuona inavyofanya kazi, tumchukue Jaja kana kwamba angekuwa mwanachama. Familia inaomba kwenye mfuko, na mkaguzi anakuja nyumbani. Haulizi ana ugonjwa gani. Anauliza anaweza kufanya nini bila mtu mwingine. Anapima mwendo, akili na mawasiliano, tabia, kujihudumia mwili, kushughulikia dawa na matibabu, na mpangilio wa siku. Kujihudumia, yaani kuoga, kuvaa, kula na kwenda haja, kuna uzito kuliko yote: asilimia 40. Mwendo una asilimia 10 tu. Jaja angepata alama zote za mwendo, nyingi za kujihudumia ingawa si zote kwa sababu alijilisha, hakuna za akili, chache za dawa na vidonda. Kwa makadirio yangu angefika kati ya alama 50 na 60 katika 100. Hiyo ni daraja la tatu kati ya matano. Angeweza kuchagua: wauguzi wa kulipwa waje nyumbani, au apewe fedha taslimu, yuro 599 kwa mwezi kwa viwango vya 2025, atunzwe na ndugu.

Fedha hizo hazimwendei mtunzaji. Zinamwendea mzee, naye humpa amtakaye. Mwanzoni niliona hilo ni jambo la ofisi tu, kisha nikamkumbuka Jaja akiomba msamaha. Kilichomuumiza Jaja, nadhani kuliko nyonga, ni kwamba alikuwa amekuwa mtu wa kupokea tu. Mwanamke aliyemaliza ndizi za shamba lake kwa kuwagawia majirani hakuwa na cha kumpa binti yake aliyemwosha. Kila mwezi angekuwa na kitu mkononi cha kumpa, hata kama shangazi angekikataa mara ya kwanza, kama inavyotakiwa kwa adabu, maneno kati yao yangekuwa mengine. Kwa hiyo wale wanaosema malipo yataua upendo nawauliza: yataua upendo wa nani? Upendo wa Jaja haukuwa na njia ya kutoka.

Nisiipambe Ujerumani. Bima yake hulipa sehemu tu ya gharama, kwa makusudi. Mzee anayehamia nyumba ya wazee hulipa kiasi kikubwa kutoka mfukoni mwake, na wengi huishia kuomba msaada wa serikali za mitaa. Watoto nao hawajaachiliwa kabisa: tangu 2020 serikali hudai mchango wa mtoto pale tu mapato yake yanapozidi yuro 100,000 kwa mwaka. Yaani wajibu wa mtoto upo, ila umewekewa mstari, na aliye chini ya mstari haulizwi.

Japani walipoanzisha bima yao ya utunzaji, Aprili 2000, walilijadili suala la fedha taslimu wakazikataa. Mzee wa huko hupata huduma, hapewi pesa za kumlipa ndugu. Miongoni mwa waliopinga kwa nguvu ni wanawake wenyewe. Walihofia kwamba fedha kidogo zikiingia nyumbani, mke wa mwana atafungwa kitandani kwa mkwewe milele: kila mtu ataambiwa, si analipwa? Hoja hii ilinisumbua kuliko zote, kwa sababu naiona ikitokea kwetu. Shangazi angelipwa hata shilingi 60,000 kwa mwezi, kaka zake wangelala usingizi mzuri zaidi na wangepiga simu mara chache zaidi. Malipo madogo yanaweza kuwa kamba. Kwa wiki kadhaa nilidhani Wajapani ndio wenye haki.

Kilichonirudisha ni kipengele kimoja cha sheria ya Ujerumani ambacho hakizungumzwi sana. Ndugu anayemtunza mzee wa daraja la pili au zaidi kwa angalau saa 10 kwa wiki, katika siku zisizopungua mbili, bila kuwa na ajira ya zaidi ya saa 30, huchangiwa na mfuko wa utunzaji kwenye pensheni yake mwenyewe. Hashiki pesa yoyote leo. Lakini miaka anayotumia kumwinua mama yake inahesabiwa kuwa miaka ya kazi. Na akiugua au akihitaji kupumzika, mfuko hulipia mtu wa kumshikia nafasi kwa muda.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nauliza swali nusu. Nilikuwa nauliza kama upendo ulipwe. Upendo wa shangazi haukuhitaji malipo; angefanya vile vile. Lakini alipoteza vitu vinavyohesabika. Kibanda kilichukuliwa na mwingine mwaka wa kwanza. Mtaji uliliwa wakati pesa za kaka zake zilipochelewa, na zilichelewa sana wakati wa korona. Aliacha kuweka akiba kwenye kikundi kwa sababu hakuwa na cha kuweka, na kikundi kina kanuni zake. Mgongo wake haunyooki vizuri asubuhi. Jaja alipofariki, mwaka 2024, shangazi alikuwa na miaka 55, umri ule ule ambao baba yangu alipokea akiba yake. Kwenye mazishi alisifiwa na kila aliyesimama kuzungumza. Kisha shamba likagawanywa.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la kwanza ni hapana: sioni sababu ya haki ya kumtambua mtu mwingine wa mjenzi na kutomtambua mtu mwingine wa Jaja. Na jibu langu kwa la pili ni kwamba deni la kwanza ni la ule uzee wa mtunzaji mwenyewe. Mfumo unaompa mzee pesa na kumwacha mtunzaji azeeke bila kitu unatengeneza Jaja mwingine.

Najua pingamizi la wahadhiri wetu wa uchumi: Uganda haiwezi. Bima ya mishahara huhitaji watu wenye mishahara, na wengi wetu tunalima, tunachuuza, tunaendesha bodaboda. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana sidhani tuige Ujerumani kwa mchango. Afrika Kusini imefuata njia iliyo karibu nasi zaidi. Huko, mzee anayepokea posho ya uzeeni na ambaye, kwa uthibitisho wa daktari, anahitaji kuhudumiwa na mtu mwingine muda wote, huongezewa posho ya pili kwa ajili hiyo. Mwaka 2025 ilikuwa randi 560 kwa mwezi, juu ya posho ya kawaida ya zaidi kidogo ya randi 2,300. Inalipwa kwa kodi, haihitaji mwajiri. Ni takriban robo, kama robo ya sheria yetu ya fidia. Sisi tukichukua robo ya 25,000 tutapata shilingi 6,250, ambazo hazinunui hata sabuni ya mwezi ya kufulia shuka, kwa hiyo namba yenyewe haiwezi kuazimwa. Kinachoweza kuazimwa ni safu kwenye daftari. Ofisa wa maendeleo ya jamii tayari anawajua wazee wanaopokea, na tayari ameandika jina la anayewapokelea. Anaweza kuongeza swali moja: je, mzee huyu anaweza kufika chooni bila mtu mwingine? Na jina lile lile la mpokeaji linaweza kufunguliwa akaunti ya akiba, serikali ikiweka humo kitu kila mwezi ambao jibu ni hapana. Tangu sheria ya NSSF ilipobadilishwa mwaka 2022, hata asiyeajiriwa anaruhusiwa kuweka akiba humo kwa hiari, kwa hiyo mlango upo. Kingekuwa kidogo. Nimeeleza hofu yangu juu ya kidogo, lakini hiki hakingekuwa kidogo cha kumnyamazisha mtu. Kingekuwa chake, na wala kisingempa kaka yake ruhusa ya kutopiga simu.

Shangazi amerudi kituo cha biashara. Hana kibanda sasa. Anatandika gunia chini na kuuza nyanya kwa mafungu. Mwezi wa Januari binamu yangu aliyeko Jinja aliandika kwenye kundi letu la wasap kwamba magoti ya shangazi yameanza kuvimba, akauliza, siku ikifika, nani atakaa naye. Tuko 31 kwenye kundi hilo. Sote tumeusoma ujumbe.